Nani hayupo?

Hotuba ya Mwalimu Mkuu anayestaafu, aliyoitoa katika uwanja wa shule yetu ya msingi hapa Mbagala, Dar es Salaam, Septemba 2025. Tunaiweka yote kwa ajili ya wazazi na wahitimu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na wajumbe wako, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wanafunzi wahitimu mliorudi leo mkiwa watu wazima, na ninyi wanangu mliokaa hapo chini kwenye mchanga: hamjambo?

Nimesikia. Ahsanteni. Marahaba wanangu.

Mwezi huu natimiza miaka 60. Kwa mtumishi wa umma hiyo ndiyo siku ya kukabidhi ofisi. Nilianza kazi mwaka 1987 nikiwa na cheti cha ualimu Daraja la Tatu A na begi moja, kijijini Rufiji. Hapa Mbagala nimeingia mwaka 2004, na ofisi ile yenye mlango wa kijani nimekaa tangu 2012. Watu wamenipigia simu wiki nzima wakiniuliza, "Mwalimu, siku hiyo utasema nini?" Nikawajibu kwamba nitazungumza juu ya daftari.

Ndiyo, daftari. Hili hapa. Daftari la mahudhurio. Wanangu wa darasa la kwanza, mnalijua hili? Mnalijua. Kila asubuhi mwalimu anakuja nalo. Kwa miaka 38 nimelishika kila siku ya shule, na nikiulizwa ualimu umenifundisha nini, jibu langu liko humu ndani. Limo katika swali moja tu ambalo mtu hulijibu kila siku akiwa na kalamu mkononi: nani hayupo?

Wangapi hapa walikuwepo Mbagala tarehe 29 Aprili, 2009? Nyoosheni mikono. Wazazi, naiona mikono yenu. Ilikuwa Jumatano, karibu na saa sita mchana. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Tulikuwa kwenye hesabu za mafungu, nimeandika mfano wa pili ubaoni, mara ukaja mshindo ambao sijapata kuusikia kabla wala baada. Mabomu ya ghala la jeshi yalikuwa yanalipuka. Vioo vilianguka. Watoto walitoka kwa mlango, walitoka kwa madirisha, waliruka uzio ule wa michongoma kana kwamba haupo. Kufumba na kufumbua darasa lilikuwa tupu, nimebaki na chaki mkono mmoja na daftari mkono mwingine.

Mnakumbuka jinsi watu walivyokimbia. Wengine waliishika barabara ya Kilwa kuelekea Mtoni na Kurasini, wengine wakaenda upande wa Kongowe. Mtoto alimfuata mtu yeyote mzima aliyekuwa anakimbia mbele yake. Hakuna aliyejua mwenziwe yuko wapi. Siku ile na zilizofuata Mbagala ilizika watu, na baadhi yao walikuwa watoto. Leo nawakumbuka, na naomba tunyamaze kidogo kwa ajili yao.

Ahsanteni.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Mkuu wa wakati ule alituita sote chini ya mwembe. Alisema sentensi moja: "Kila mmoja alete daftari lake." Tukakaa pale kuanzia saa moja. Mzazi akija na mtoto wake, tunamwona mtoto kwa macho, tunaweka alama. Mzazi akija bila mtoto, tunaandika alivyovaa na mara ya mwisho alionekana wapi. Mtu akileta habari kwamba kuna watoto wamehifadhiwa mahali fulani, tunatuma mwalimu mmoja na orodha ya majina aende akawatazame. Darasa langu lilikuwa na watoto 96. Alhamisi jioni nilikuwa nimeona 71. Ijumaa nilifika 88. Jumamosi wamebaki wanne.

Hapo ndipo nilipoujua upungufu wa daftari langu. Mmoja wa wale wanne, mtoto wa kike, alikuwa salama siku zote hizo, amehifadhiwa na familia moja upande wa Kongowe. Walimuuliza jina, akataja jina analoitwa nyumbani, jina la bibi yake. Kwangu mimi ameandikishwa kwa jina la kwenye cheti. Mwalimu aliyetumwa na orodha alifika hadi nyumba ile, akauliza, akaambiwa jina lile halipo, akageuka. Mtoto alikuwa chumba cha pili anakula. Alirudi Jumatatu amepakiwa kwenye baiskeli. Nikamshika, nikamkumbatia, na nikamwomba radhi.

Na kuna jingine. Nilipofungua kitabu cha uandikishaji nitafute makazi ya wale wanne, kwa wawili paliandikwa "Mbagala". Basi. Mbagala! Wazazi, Mbagala ni kubwa kuliko miji mingine mikoani. Mbagala ipi? Mtaa gani? Jirani na nani?

Tangu nilipoingia ofisini, mtoto akija kuandikishwa hapa tunauliza majina mawili, la cheti na la nyumbani. Tunauliza mtaa, tunauliza alama ya karibu, mashine ya kusaga, msikiti, kanisa, duka la mangi. Tunachukua namba mbili za simu, na moja lazima iwe ya mtu asiyeishi nyumba ile. Wapo wazazi walioona tunawahoji kama polisi. Sasa mnajua kwa nini.

Wanne wote wa darasa langu walipatikana. Ninayetaka kumsimulia sasa hakupatikana kwa namna hiyo, na hadithi yake ni nzito kwangu kuliko ya mabomu, kwa sababu safari hii kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2013, mwaka wangu wa pili ofisini, msichana wa darasa la sita aliacha kuja. Alikuwa na mwandiko mzuri, nauona hata sasa. Baada ya wiki mbili mwalimu wa darasa aliuliza watoto, wakasema, "Wamehama." Akaniletea. Mnajua maisha ya mjini, familia imepanga chumba, kodi imeisha, wanaondoka usiku na godoro juu ya bajaji. Hawaji kuaga shuleni, hawachukui barua ya uhamisho. Ni jambo la kila mwezi. Nikachukua kalamu, nikaandika mbele ya jina lake neno moja: amehama. Nikapiga mstari. Hesabu za mwezi zikakaa sawa, taarifa ikaenda.

Mwaka 2015 niko Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta kitambaa cha sare. Nikasikia, "Shikamoo mwalimu." Nikageuka. Amebeba mtoto wa tajiri wake mgongoni na kikapu mkononi. Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Nikamuuliza, "Mlihamia wapi, mwanangu?" Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Mwalimu, sisi hatukuhama. Mama aliugua, akarudi kijijini. Mimi nilibaki kwa mama mdogo kulekule, nyuma ya shule."

Nyuma ya shule. Wazazi, alikuwa nyuma ya shule. Miezi minne alikaa pale akilea watoto wa mama yake mdogo, akisikia kengele yetu kila asubuhi, kabla hajapelekwa mjini kufanya kazi. Miezi minne! Na kwenye kitabu changu alikuwa "amehama". Neno lile nililiandika mimi kwa mkono wangu, na lilipoandikwa hakuna aliyemtafuta tena. Angekuwa ameandikwa "hayupo", kila asubuhi mwalimu angekutana na jina lake. "Amehama" lilifunga mlango.

Nilizungumza na mwajiri wake, mama mwelewa. Msichana yule alikuja kusoma MEMKWA, ule mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi, akiwa na miaka 15. Alisoma miezi saba, akaishia hapo. Ana watoto wawili sasa. Sijui kama amefika leo. Kama yupo hapa, mwanangu, nimekutaja bila kukutaja jina, na nasema mbele ya watu hawa wote: samahani.

Walimu wenzangu, mnaijua sheria iliyozaliwa siku ile. Katika shule hii hakuna anayeandika "amehama" mpaka shule inayompokea mtoto ithibitishe, kwa barua au kwa simu ya Mwalimu Mkuu wa huko, kwamba mtoto ameketi darasani kwao. Hadi hapo anabaki "hayupo", hata kama hesabu zinakaa vibaya, hata kama mgeni kutoka wilayani anauliza kwa nini tuna utoro mkubwa kuliko jirani. Nimewahi kuulizwa. Nilijibu kwamba jirani yangu simsemei, mimi nimeacha kuwafuta.

Taratibu zinazungumzia siku 90 za utoro mfululizo kabla ya jina kufutwa. Siku 90! Mtoto akifika siku ya 90 amekwisha kuzoea maisha mengine, ana kazi, ana marafiki wapya, ana fedha kidogo mfukoni. Kwa uzoefu wangu mtoto anarudishwa ndani ya wiki mbili, ikizidi hapo unamvuta kwa nguvu kubwa na kamba inakatika. Kwa hiyo sisi tunahesabu siku tatu. Siku ya kwanza wenzake wanaulizwa. Siku ya pili mwalimu wa darasa anapiga simu. Siku ya tatu mtu anatoka kwa miguu kwenda nyumbani. Anaweza kuwa mwalimu, mjumbe wa kamati, au jirani aliyetumwa na serikali ya mtaa. Simu haitoshi. Kwenye simu kila mtoto ana homa.

Sasa niwapeleke Januari 2016. Walimu mnacheka? Hamcheki, maana mnaikumbuka. Serikali ilikuwa imetoa waraka wa elimu bila malipo, na michango ile ya kila wakati ikaondolewa. Lilikuwa jambo jema sana. Nililiona jema kwa macho yangu, kwa sababu foleni ya uandikishaji ilikuwa na watoto wa miaka tisa, wa miaka kumi, waliokuwa mitaani siku zote kwa kukosa fedha ya dawati na ya mlinzi. Lakini sisi tulitegemea watoto 300 wa darasa la kwanza. Tulipofunga kitabu walikuwa 740. Tukagawa mikondo mitano. Mikondo mitano, wanafunzi 740: kila darasa watoto 148. Mkondo mmoja ulikuwa chini ya mwembe, na mingine ikapokezana vyumba, asubuhi na mchana.

Fikirini mwalimu mmoja na watoto 148 wa miaka sita na saba. Akiita jina moja kwa sekunde tano tu, na mtoto akaitika mara ya kwanza, ni zaidi ya dakika 12. Kipindi chenyewe ni dakika 30. Kwa hiyo mwalimu afanye nini? Aite majina, au afundishe herufi? Wiki ya tatu nilipita darasani nikiwa na daftari, nikahesabu vichwa. Vichwa vilikuwa 119. Daftari lilisema 148. Mwalimu alikuwa ameweka alama za "yupo" kutoka juu hadi chini bila kuita. Alilia aliponiona, na mimi sikumkaripia. Nilijua angefundisha saa ngapi.

Aliyetupa dawa ni mwalimu yuleyule, na amekaa pale mstari wa pili, hapendi nimtaje. Alisema, "Mwalimu, watoto hawa wanakuja kwa makundi. Wanatembea pamoja." Tukawagawa kumikumi kwa njia wanayopita kutoka nyumbani, siyo kwa herufi za majina wala kwa wanaojua kusoma. Vikundi 15. Kila kikundi kikawa na sehemu yake ya kukaa na kiongozi wake. Kiongozi haandiki chochote, maana hajui kuandika bado. Mwalimu anauliza tu, "Kikundi cha kwanza, nani hayupo?" Na mtoto wa miaka sita anajibu vizuri sana! Anajibu, "Fulani hayupo, tumempitia, mlango umefungwa." Au, "Anaumwa macho." Au, "Yuko kwa kibanda umiza, tumemwona." Dakika tatu, kazi imekwisha, na umepata jina na sababu yake. Daftari tulilokuwa tunalijaza halikuwahi kutupa sababu.

Tuliona kwamba kiongozi akikaa muhula mzima anaanza kuwaficha rafiki zake. Tukawa tunabadilisha kila wiki mbili, na mwalimu anahesabu vichwa mwenyewe kila Ijumaa. Namba mbili zikitofautiana, tunajua kuna kikundi hakisemi kweli.

Walimu wa mwaka 2016, simameni. Tafadhali simameni, wote. Wazazi, watazameni watu hawa. Walifundisha mikondo miwili kwa siku, asubuhi na mchana, na wengi wao waliondoka hapa saa kumi na moja jioni wakapande daladala za Rangi Tatu wakiwa hawajala. Watoto wale 740 wa mwaka 2016 walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2022. Sisemi wote walifika. Nasema kila ambaye hakufika tunalijua jina lake. Ahsanteni sana walimu wangu. Kaeni, nawashukuru kutoka moyoni.

Niseme na jambo la mabinti, na akina baba naomba msiangalie pembeni, ni la kwenu pia.

Hapa kwetu aliyepo tunamwandika kwa wino wa buluu na asiyekuwepo kwa wino mwekundu. Mwaka 2014, Ijumaa moja jioni, niliyapanga mezani madaftari ya darasa la tano, la sita na la saba, nikayafungua kwa muhula mzima. Nilikuwa natafuta watoro. Mtoro ana sura yake daftarini. Mwekundu wa Jumatatu na Ijumaa, huyo mara nyingi ana kazi ya biashara nyumbani. Tuliwahi kuwa na kijana mwekundu kila Jumatatu na Jumatano. Tulipokwenda kwao tukakuta siku hizo bibi yake anaamkia Feri kununua samaki wa kukaanga, naye anabaki na mdogo wake hadi bibi arudi saa tano. Tukamhamishia zamu ya mchana siku hizo mbili. Akamaliza shule. Ndiye aliyeleta viti hivi mlivyokalia kwa bajaji yake, safari nne.

Lakini Ijumaa ile niliona sura nyingine. Wekundu wa siku tatu au nne mfululizo, kisha buluu wiki tatu, kisha mwekundu tena siku tatu, nne. Majina yaleyale. Yote ya wasichana. Mama zangu, mmeshaelewa. Mimi mwanamke mtu mzima, mama wa mabinti wawili, niliwaandika watoto wale watoro kwa miaka!

Tulianza vibaya. Tukanunua taulo za kike kwa msaada wa wazazi, tukaziweka ofisini kwangu, tukatangaza mstarini. Mwezi mzima hakuja hata mmoja. Nani angekuja? Ofisini wanaingia walimu wa kiume, wanaingia wazazi, msichana aje asimame pale aombe? Mwalimu wa malezi akakaa nao peke yake chini ya mwembe, wakamwambia ukweli. Shida ya kwanza kabisa haikuwa taulo. Vyoo havikuwa na maji. Milango miwili haikuwa na komeo. Hapakuwa na mahali pa kutupa. Na sketi ikichafuka, unarudije darasani?

Kamati ya Shule, hapa nawainamia. Stoo ya majembe tuliigeuza chumba cha wasichana. Fundi wa mtaani akaweka komeo kwa ndani na dirisha la juu, tanki la lita 1,000 likakaa nyuma, ndoo yenye mfuniko, sabuni, na tanuri dogo la kuchomea taka nje. Akina mama wawili mkashona sketi za akiba sita. Taulo zikahamia kwenye kabati la chumba kile, bila daftari la kusaini, bila kuomba ruhusa. Watu waliniambia zitaibiwa. Mwezi wa kwanza ziliisha upesi, kweli. Mwezi wa tatu zilitulia, kwa sababu aliyechukua mbili za akiba alishajua zitakuwepo na kesho.

Baada ya mihula miwili nilirudia kuyapanga madaftari. Zaidi ya nusu ya mabinti wale, ule mwekundu wa mpangilio ulikuwa umetoweka. Waliobaki walikuwa na maumivu makali, na hilo chumba hakiliponyi. Wale tuliwaelekeza zahanati pamoja na mama zao. Tanki likikauka, wekundu unarudi wiki hiyohiyo. Ndiyo maana mmenisikia nikigombania bili ya maji kuliko rangi ya ukuta.

Sasa ya mbele. Wanangu wa darasa la nne, nyoosheni mikono. Darasa la tano, na ninyi. Tazamaneni. Ninyi makundi mawili mtamaliza shule ya msingi mwaka mmoja, 2027. Kwa mtaala mpya, ninyi wa darasa la nne mtaishia darasa la sita, na wenzenu wa darasa la tano ndio wa mwisho kufika la saba. Januari 2028 mtaingia sekondari pamoja.

Wazazi wa darasa la nne, hesabuni. Mtoto wako ataondoka hapa mwaka mmoja mapema kuliko kaka yake. Atakuwa na miaka 12 hivi. Sekondari kwa wengi wetu iko mbali kuliko hapa, ni daladala, na mnawajua makondakta wasivyopenda mtoto wa nauli ya mwanafunzi. Mtoto wa miaka 12 akiachwa kituoni mara tatu kwa wiki, wiki ya nne atarudi nyumbani avue sare. Hofu yangu kubwa juu ya mwaka ule iko hapo hasa, katika ule mwezi wa katikati. Sisi tutakuwa tumeshawafuta kwa sababu wamehitimu, na kule watakuwa hawajawajua kwa sababu ndiyo kwanza wamefika. Katikati hapo, nani anauliza nani hayupo?

Ninaiachia kamati ombi moja. Mwaka 2027, kabla ya kufunga shule, wapangeni wahitimu wote kwa njia, kama tulivyowapanga wale wa 2016. Watoto kumi wa njia moja, kituo kimoja, sekondari moja. Wapelekeni majina yao kwa wakuu wa sekondari yakiwa na jina la nyumbani na simu mbili. Na mwishoni mwa Januari 2028 mwalimu mmoja atoke hapa na orodha aende kule akahesabu vichwa. Nauli ya mwalimu huyo nimeiacha kwa mtunza hazina wa kamati. Ni yangu, kutoka mfukoni mwangu, na iandikwe kwa kazi hiyo tu.

Nimeshukuru walimu, nimeshukuru kamati. Namshukuru mama anayepika uji, ambaye hunijulisha mtoto gani siku mbili hakuleta kikombe. Namshukuru babu mlinzi, Mungu amrehemu, aliyebaki getini siku ya mabomu mpaka mtoto wa mwisho alipotoka. Namshukuru mume wangu kwa chakula cha jioni alichokula peke yake. Na ninyi wanangu, ahsanteni kwa kuja. Kila asubuhi, ahsanteni kwa kuja.

Mwalimu unayepokea, njoo hapa mbele. Hati ya makabidhiano tumesaini jana mbele ya Afisa Elimu Kata. Madawati, vitabu, funguo, mihuri, vyote vimo. Hiki hakimo. Ni kijitabu changu mwenyewe, cha mfukoni. Kina majina ya wale ambao bado tunawatafuta. Wakipatikana nawazungushia duara. Yapo majina 11 yasiyo na duara, na la zamani kuliko yote ni la mwaka 2018. Ukurasa wa mwisho ni wa wiki hii, kuna watatu. Wawili wamepigiwa simu. Wa tatu ni wa darasa la pili C, hajaonekana tangu Jumanne, na wenzake wa njia moja wanasema mama yake amejifungua na hakuna mtu mwingine nyumbani. Leo ni siku ya tatu. Nilipanga kwenda mwenyewe jioni hii. Nyumba naijua, ni mwendo wa dakika kumi.

Wageni wakishamaliza kula, chukua viatu vya kutembelea, twende wote.